Jina la AMCOS ya Kitanga: ujumbe kwa ndugu wenye masharti saba

*Kabla ya muhuri, kabla ya akaunti ya benki na kabla ya gunia la kwanza, chama kipya cha wakulima kinahitaji jina. Makala hii inafuata namna jina hilo linavyotafutwa katika nyanda za juu za Kigoma, na kwa nini mwenye neno la mwisho si ukoo wa mwanzilishi.*

"Shikamooni wazee. Baba wakubwa, baba wadogo, mashangazi na wajomba, poleni na majukumu. Kaka na dada zangu mlioko Dar, Mwanza na Kahama, habari za huko. Mnajua sisi wakulima wa Kitanga tunataka kuanzisha chama chetu cha ushirika ili tuache kumuuzia mlanguzi maharage na kahawa kila mtu kivyake. Tumeelewana mengi, ila jina limetushinda. Naomba msaada wenu."

Hivyo ndivyo unavyoanza ujumbe ambao mtu anayeanzisha ushirika huutuma kwenye kundi la wasapu la ukoo, jioni, baada ya kikao cha wakulima kumalizika bila jina. Ujumbe tunaoutumia hapa ni wa mfano, na hatukumtaja mtu. Kitanga yenyewe ni ya kweli, ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu. Na maswali yaliyomo ndani ya ujumbe ni yale ambayo Afisa Ushirika wa wilaya atayauliza maombi yakimfikia mezani.

Sehemu ya pili ya ujumbe ndiyo yenye uzito. Mwanzilishi haombi "jina zuri" tu, anaweka masharti:

"Kila mmoja alete majina mawili na sababu ya kila jina. Ila yatimize haya:

1. Lisitegemee mpaka wa wilaya, maana wilaya hugawanywa.
2. Lisifungwe kwenye zao moja.
3. Lisiwe jina la mtu, wala la ukoo, hata wetu.
4. Lisizidi maneno mawili kabla ya neno AMCOS.
5. Mtu ambaye hajawahi kufika Kigoma akilisikia kwenye simu aweze kuliandika bila kukosea.
6. Lisifanane na jina la chama kingine kilichosajiliwa.
7. Lisiwe na maana mbaya kwa Kiha wala kwa Kiswahili, na lisiegemee dini wala chama cha siasa.

Jumamosi nitayapeleka kwa wanachama, na wao ndio watakaopiga kura. Msikasirike la kwenu likiachwa."

Masharti hayo saba hayakutungwa kwa kubahatisha. Ukilichunguza kila moja, utakuta nyuma yake kuna jambo ambalo vyama vya ushirika hukutana nalo.

Jina linalobebwa na karatasi

Neno AMCOS limezoeleka vijijini kiasi kwamba watu hulitumia kama Kiswahili cha kawaida: chama cha msingi cha ushirika wa kilimo na masoko. Vyama hivi vinaendeshwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, yenye makao makuu Dodoma, na mtendaji mkuu wa Tume ndiye Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Kwa chama cha wazalishaji wa mazao, waanzilishi wanatakiwa kuanzia watu 20.

Safari yenyewe haina siri. Wakulima hukaa kikao na kuchagua kamati ya uanzishaji. Afisa Ushirika huja kutoa elimu. Hufanyika upembuzi kuona kama mazao yaliyopo yanatosha kukiendesha chama, kisha huandikwa masharti, yaani katiba ya chama. Mkutano wa waanzilishi huyapitisha, na maombi hupelekwa kwa Mrajis kupitia MUVU, mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa vyama vya ushirika. Mrajis akiridhika hutoa cheti.

Jina huonekana mapema sana katika mlolongo huo, kwa sababu ni ibara ya kwanza ya masharti. Likishaingia pale linanakiliwa kila mahali: kwenye fomu ya maombi, cheti, muhuri, akaunti ya benki, mkataba wa mnunuzi, stakabadhi za kupokelea mazao, kibao cha ghala na maandishi ya gunia. Chama chenye dhima ya kikomo hubeba pia neno "Limited" mwishoni, lile ambalo watu huliandika "Ltd".

Hapa ndipo vyama vichanga hujikwaa. Kikundi huanza na jina la mdomoni, kikafungua akaunti kwa jina hilo, kikachapisha magunia na kuchonga muhuri. Miezi kadhaa baadaye kinaomba usajili na kuambiwa jina hilo linafanana na la chama kingine. Cheti kinatoka kwa jina la pili. Mnunuzi analipa kwa jina lililo kwenye mkataba, benki inasoma jina lililo kwenye akaunti, na mawili hayo hayalingani. Malipo yanakwama wakati mkulima ameshatoa mzigo na ada ya shule inadaiwa.

Dalili ya tatizo hili huonekana mapema kwa anayeangalia. Chukua muhtasari wa kikao, fomu ya benki na rasimu ya masharti, uviweke pamoja juu ya meza. Kama jina limeandikwa kwa namna tofauti katika karatasi mbili tu kati ya hizo, simamisha kazi nyingine zote mpaka lilingane.

> Chukua muhtasari wa kikao, fomu ya benki na rasimu ya masharti. Kama jina halilingani, simamisha kazi nyingine zote.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema. Neno "ushirika" linalindwa na sheria, na kikundi ambacho hakijasajiliwa hakiruhusiwi kufanya biashara kwa kujiita chama cha ushirika. Kibao kinachosema "Ushirika wa Wakulima" kikitundikwa kabla ya cheti kutoka, wenye nia njema wamekwisha kujiweka upande mbaya wa sheria.

Wilaya hukatwa, jina hubaki

Sharti la kwanza la mwanzilishi wetu linaeleweka haraka kwa mtu wa Kigoma. Mwaka 2012 Wilaya ya Kakonko ilizaliwa kutoka Kibondo, na Buhigwe ikazaliwa kutoka Kasulu. Manyovu, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ni Kasulu, sasa iko Buhigwe. Kasulu iliyobaki nayo ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Chama kilichojiita kwa jina la wilaya kabla ya hapo kingeamka siku moja nusu ya wanachama wake wakiwa wilaya nyingine.

Mfano ulio hai uko Kagera. Chama Kikuu cha Ushirika cha Wilaya ya Karagwe, maarufu kama KDCU, kina neno "wilaya" ndani ya jina lake. Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, chama kiliendelea kuwahudumia wakulima wa pande zote mbili kwa jina lilelile. Kisheria hakuna ubaya, kwa kuwa eneo la utendaji huwekwa na masharti ya chama na si na jina lake. Lakini mkulima wa Kyerwa anauza kahawa kwa chama ambacho jina lake linamtaja jirani yake.

Wengine walijaribu kulikwepa hilo kwa kuunganisha vipande. Kusini kuna RUNALI, chama kikuu cha wakulima wa korosho na ufuta, ambacho jina lake limekusanya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Jirani yake ni TANECU, yaani Tandahimba na Newala. Njia hii ni ya haki, kila wilaya inajiona. Udhaifu wake ni kwamba haina nafasi ya mgeni. Wilaya ya nne ikijiunga, au moja ikigawanyika, jina halinyumbuki.

Kigoma yenyewe ina Kanyovu, muungano wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, jina ambalo mwenyeji hulisikia likimrudisha Manyovu mara moja. Ni fupi, linatamkika, na mnunuzi wa kahawa aliye mbali hulishika kwa kulisikia mara moja. Katika majina yote yaliyotajwa hapa, mimi naliona kuwa ndilo lililotengenezwa vizuri zaidi, kwa sababu linabeba mahali bila kubeba mpaka wa kiutawala.

Sasa fikiria mjomba aliyeko Dar, msomi, anayejibu ujumbe wa mwanzilishi kwa kufuata njia ya RUNALI. Baadhi ya wanachama wanalima upande wa Kibondo, na wengi wako Kasulu. Anachukua silabi ya kwanza ya kila upande na kupata KAKI. Kwenye karatasi linapendeza. Likitamkwa mbele ya Watanzania, kila mtu ataikumbuka bahasha ya kaki na yale yanayosemwa kuwa hupitishwa ndani yake. Mjomba mwingine anaongeza mazao ili kuokoa hali, anapata KAKIMA, yaani Kasulu, Kibondo na maharage. Sasa limeingia neno kima. Ndiyo maana jina la vifupisho lazima lisemwe kwa sauti, mbele ya watoto wa shule, kabla halijapigiwa kura. Watoto hawana adabu ya kunyamaza.

Mabano yenye mwaka ndani

Wasomaji wengi wamewahi kuona jina kama KNCU (1984) Ltd au KCU (1990) Ltd na kujiuliza ule mwaka unafanya nini pale. Kisa chake ni cha uchungu, na kinamhusu kila anayebuni jina la ushirika leo.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza na chama cha wapanda kahawa mwaka 1925. Sheria ya kwanza ya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata kikaandikishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU. Herufi ile ya pili, N, ni ya neno la Kiingereza la kikoloni la kumwita mwenyeji. Mkoloni aliondoka, herufi ikabaki, kwa kuwa wanunuzi wa kahawa duniani walikuwa wameshaizoea.

Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka mmoja kabla, sheria ya vijiji ilikuwa imekifanya kijiji chenyewe kuwa chombo cha ushirika, na mamlaka za mazao zikachukua kazi ya kununua. Mwaka 1982 ilitungwa sheria mpya ya kuvirudisha vyama hivyo. Vilivyorudi vilikuwa na wakulima walewale, mazao yaleyale na mara nyingi majengo yaleyale, lakini mbele ya sheria vilikuwa vyama vipya vilivyosajiliwa upya. Mwaka ndani ya mabano ndio unaovitenganisha vya kale na vya sasa.

Kwa upande wa Kigoma, miaka hiyo iliacha alama kwenye majina ya mahali. Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilifika huku mapema, mwaka 1972, na kaya zilizokuwa zimetawanyika milimani zikapangwa kwenye vijiji. Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu mpaka leo ina kata inayoitwa Asante Nyerere. Mtu akiuliza kwa nini wazee wa ukoo wanapenda majina ya shukrani na ya viongozi, jibu lake liko kwenye orodha ya kata.

Lakini chama cha ushirika ni mali ya wanachama, na kiongozi wa leo si wa kesho. Jina la heshima kwa mheshimiwa aliyetoa mashine ya kukoboa litawapa wanachama kazi ya kujieleza pindi mheshimiwa akishindwa uchaguzi. Hilo ndilo linalokwepwa na sharti la tatu na la saba.

> Kubadili jina kunawezekana, ila hakufuti deni wala mkataba.

Inafaa kusema wazi kwamba jina si kifungo cha maisha. Chama kinaweza kulibadili kwa kurekebisha masharti katika mkutano mkuu, kisha Mrajis akaridhia na kusajili mabadiliko. Lakini haki na madeni hubaki vilevile. Anayedhani kwamba chama chenye madeni kitapumua kikibadili jina, anajidanganya, maana mdai atakifuata kwa jina jipya. Kinachobadilika kwa hakika ni gharama: muhuri mpya, magunia mapya, barua kwa benki na kwa kila mnunuzi.

Zao likibadilika?

Shangazi anayelima maharage atapendekeza jina lenye maharage ndani yake, na ana hoja. Maharage ya Kigoma yana jina sokoni, na mnunuzi wa Dar es Salaam akisoma gunia atajua mara moja kilichomo.

Tatizo ni kwamba mkulima wa nyanda hizi halimi zao moja. Katika shamba lilelile utakuta mahindi na maharage, pembeni migomba na kahawa, bondeni mihogo. Chama kikijiita kwa jina la maharage, msimu wa kahawa ukifika kitakwenda kwa mnunuzi wa kahawa na karatasi inayosema maharage. Hakuna sheria itakayokizuia, kama masharti yake yanataja mazao yote. Lakini kila mara itabidi kieleze, na mkulima wa kahawa aliyealikwa kujiunga atajiona mgeni.

Kwa hiyo jina la zao lina mahali pake, nalo ni kwenye nembo ya bidhaa. Gunia linaweza kuandikwa maharage kwa herufi kubwa, na jina la chama likakaa chini yake kwa herufi ndogo. Mambo haya mawili yasichanganywe. Alama ya biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na ni kazi tofauti na usajili wa ushirika kwa Mrajis. Chama kinachokusudia kufungasha kahawa au unga kwa ajili ya maduka kiangalie jina lake katika sehemu zote mbili kabla ya kuagiza vifungashio.

Kiha, Kiswahili au historia?

Upande mwingine wa mabishano unatoka kwa wazee. Wao wanataka jina la Buha. Kasulu ilikuwa ndani ya Heru, na Kibondo ilikuwa Muhambwe, tawala za Waha zilizokuwa na mwami wake kila moja. Majina hayo hayajafa. Muhambwe ni jimbo la uchaguzi la Kibondo, na Buyungu, utawala mwingine wa Waha, kwa miaka mingi lilikuwa jina la jimbo la Kakonko. Wilaya zilipogawanywa mwaka 2012 hayakuguswa, na hoja ya wazee kwamba majina haya hudumu ina uzito.

Hata hivyo yana ugumu wake. Heru ni jina la zaidi ya mahali pamoja hukuhuku Kasulu: kuna Heru Juu na kuna Heru Ushingo. "Heru AMCOS" itamfanya dereva wa lori aulize Heru ipi, na aliyepewa jibu nusu atashusha mbolea kusikohusika. Hapo jina liko hatarini kwenye sharti la sita. Zaidi ya hilo, Heru ni kubwa mno kwa chama cha kata moja. Wakulima wa kata nyingine ambao nao ni watu wa Heru watauliza nani aliwapa Kitanga jina la wote, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Vijana wanapendekeza maneno ya kujenga moyo: Umoja, Tuinuane, Mshikamano, Mkombozi, Amkeni. Ni maneno mazuri, na ndiyo sababu yamejaa kila mkoa. Neno likipendwa na wote, uwezekano wa kulikuta limeshasajiliwa na chama kingine ni mkubwa, na hata likipita halimwambii mnunuzi chama kiko wapi. Anayeling'ang'ania alifunge kwa jina la mahali, kama "Tuinuane Kitanga". Huo ni usuluhishi mzuri, ingawa uzoefu wa watu ni kwamba baada ya msimu mmoja wote watasema "Kitanga" na kuliacha lile la mbele.

Kuna pia wanaotaka neno la Kiha kwa ajili ya ladha ya nyumbani. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, na neno la umoja au la kufanya kazi pamoja linaweza kueleweka pande zote mbili za mpaka. Katika ukanda uliopokea wakimbizi wa Burundi kwa miongo mingi, na ambako ziliwekwa kambi za Nyarugusu upande wa Kasulu na Nduta upande wa Kibondo, mtu wa mbali anaweza kudhani chama ni cha mradi wa wakimbizi. Si kosa la lugha, wala si sababu ya kuionea haya. Ni jambo la kulipima kabla, ili chama kisijikute kikieleza asili yake kila kinapofungua mdomo.

Na Malagarasi? Mto huo mkubwa wa ukanda wetu, unaoishia Ziwa Tanganyika, hautamkwaza mtu wa Kasulu wala wa Kibondo. Ila ni mrefu, na wanaoishi kando yake ni wengi mno. Jina lake linafaa muungano wa vyama, siyo chama cha msingi.

Kwa nini aulizwe ndugu?

Swali gumu kuliko yote halimo kwenye masharti saba. Kwa nini mwanzilishi anawauliza ndugu zake jina la chama ambacho si chao?

Wapo wanaoona hakuna ubaya. Ndugu walioko mjini ndio waliochangia nauli ya kwenda wilayani, ndio wenye simu nzuri na muda wa kutafuta, na baadhi yao wanajua namna jina linavyosikika kwa mnunuzi. Kundi la ukoo lina watu wa umri na kazi mbalimbali, na hakuna kamati ya kijiji yenye mchanganyiko huo. Kulitumia kama chujio la kwanza ni busara.

Wapo pia wanaoogopa, na hofu yao ina msingi. Ushirika unasimama juu ya uanachama wa hiari ulio wazi, na juu ya kura moja kwa kila mwanachama, awe na heka moja au ishirini. Chama kikianza na jina lililotoka kwenye ukoo mmoja, mwenyekiti akitoka ukoo huohuo na ghala likiwa kwenye kiwanja cha babu, wanachama wengine watakiita "cha wakina fulani". Wakishakiita hivyo, wataanza kuuza pembeni kwa mlanguzi, kwa kuwa hakuna anayejinyima kwa ajili ya mali ya mwenzake.

Mimi nasimama katikati, lakini karibu zaidi na wenye hofu. Ndugu waulizwe, ila wasiamue. Majina yao yaingie kwenye orodha moja na majina yaliyoletwa na wakulima, bila kuandikwa nani alileta lipi. Masharti saba yasomwe mkutanoni kwanza na kukubaliwa, kisha ndipo majina yasomwe. Utaratibu huu una maana, kwa sababu watu wakisikia majina kwanza watachagua la rafiki yao na kutafuta sababu baadaye. Muhtasari uandikwe vizuri, ukionyesha majina yaliyopigiwa kura na idadi ya kura za kila moja.

Kama familia inataka jina lake kwenye biashara, njia ipo na ni halali: wasajili kampuni au jina la biashara BRELA na waendeshe shamba lao. Wasichukue vazi la ushirika.

> Masharti yakubaliwe kwanza, majina yasomwe baadaye, na isiandikwe nani alileta lipi.

Mizani ikisomwa

Tuyapitishe majina ya ukoo kwenye masharti ya mwanzilishi mwenyewe. KAKI na KAKIMA yanaanguka kwa maana mbaya. Jina la babu, likiletwa, linaanguka kwenye sharti la tatu, hata kama babu alikuwa mkulima hodari. La maharage linaanguka kwenye la pili. Heru linaanguka kwa kufanana na majina mengine. Umoja na Mkombozi yako hatarini kwenye la sita. Yanabaki mawili: "Tuinuane Kitanga" na "Kitanga" peke yake.

Kitanga ni fupi na limo midomoni mwa watu tayari. Mtu wa pwani asiyeijua kata hiyo atafikiria kitanga cha mizani, na kwa chama ambacho kazi yake ya kila siku ni kupima mzigo wa mkulima mbele ya macho yake, hilo ni dokezo zuri la nembo. Kata nayo inaweza kugawanywa, ndiyo, lakini jina la mahali penyewe hubaki kwa sehemu mojawapo, na chama kitabaki na mahali pake.

Liko tatizo moja lisilopuuzika: wale wanachama wa upande wa Kibondo. Kwao Kitanga si nyumbani. Ikiwa ni wachache, masharti ya chama yataje waziwazi kwamba eneo la utendaji linawahusu, na mkutano wa waanzilishi uwasikie kabla ya kura. Ikiwa ni nusu ya chama au zaidi, basi jina la Kitanga halifai, na huenda hata chama kimoja hakifai. Viwili vinaweza kusajiliwa, kila kimoja kwa jina la kwake, vikashirikiana kutafuta mnunuzi.

Kuna kosa la tahajia pia la kuliangalia. Nchini kuna Kitangari kule Newala na Kitangiri kule Mwanza. Karani anayeandika haraka atayachanganya. Ndiyo maana katika rasimu ya masharti jina liandikwe kamili, na kando yake wilaya na mkoa vitajwe katika anwani, siyo ndani ya jina.

Mwanzilishi aliye na ujumbe wa aina hii kwenye simu yake leo, iwe Kitanga, Mabamba au Makere, afanye jambo moja kabla ya kutuma pesa kwa mchapaji wa magunia. Aende kwa Afisa Ushirika wa halmashauri yake akiwa na majina matatu yaliyopangwa kwa kufuata kura, na aombe yaangaliwe kwenye mfumo. La kwanza likikutwa limechukuliwa, mkutano utakuwa umeshachagua la pili.